Leya ya Bibi

Katika ofisi ile ya usanifu wa majengo, hakuna aliyezijua ramani kuliko mimi. Wasomi wote waliokuwa wakikodolea macho vioo vya kompyuta wangekuja kwangu kuuliza, kama si kiburi. Haya, nisiwadanganye. Nilijua ramani moja tu, ile ya kutoka jikoni mpaka chumba cha mkutano na sinia la chai mkononi, na hata hiyo mara mbili niliikosea nikaingia choo cha wanaume. Mara ya pili nilikosea kwa makusudi, lakini hayo tuyaache.

Mimi nilikuwa mpika chai. Mama Chai, ndivyo walivyoniita wote. Kabla ya hapo nilikuwa mshonaji, miaka thelathini na cherehani ya mguu, mpaka macho yakaanza kuiona tundu ya sindano kama mbili, nami nikawa napitisha uzi kwenye ile isiyokuwepo. Nimesoma darasa la saba. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake afariki, alisoma mpaka akawa mchoraji ramani, na Mungu si Athumani, akapata kazi humo humo ofisini kwetu. Kazi ya mkataba. Kiti cha kudumu kilikuwa kimoja, na mwenye ofisi, bosi wetu Msanifu, alikuwa amesema wazi: atakikalia yule aliyechora ramani ya zahanati mpya, siku mwenye zahanati atakapoikubali na kuitia sahihi.

Ramani ile aliichora mjukuu wangu. Ukuta kwa ukuta. Nilimwona kwa macho yangu haya mabovu, miezi miwili, akila chakula cha mchana kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye kipanya.

Halafu akaugua. Siku nne homa ilimlaza, hata jina lake mwenyewe hakulijua. Aliporudi kazini, jina lake hata ramani ilikuwa hailijui.

Maana kwenye ramani, pembeni chini kulia, pana kisanduku kinachoandikwa jina la mchoraji. Jina lake lilifutwa, likawekwa la Rula. Rula ndiye mchoraji wa zamani pale, tulimwita hivyo kwa kutembea wima kama aliyemeza rula akasahau kuitema. Mjukuu wangu akaenda kwa Msanifu kulalamika. Rula akaitwa, akatabasamu, akasema, "Bosi, mtoto huyu alinisaidia kupaka rangi kidogo tu. Namshukuru sana." Msanifu akamwambia mjukuu wangu awe na heshima kwa wakubwa zake.

Kupaka rangi kidogo tu! Na huyu huyu Rula ndiye aliyewahi kuimwaga chai yangu kwenye chungu cha maua mbele ya wageni, akasema hata ua litakufa. Ua halikufa. Lilistawi. Lakini mimi kitu kikiingia moyoni hakitoki mpaka kimetafuta mwenziwe.

Jioni ile mjukuu wangu alikaa kwenye kiti cha jikoni nyumbani akilia.

"Bibi, naacha kazi."

"Acha kulia kwanza, kazi baadaye. Niambie, ndani ya ile ramani kuna kitu gani ambacho ni wewe tu unayekijua?"

Akajifuta pua. "Hakuna. Mistari ni mistari."

"Hata nguo ni nguo, lakini mimi nikiona pindo nitakwambia nani kalishona. Fikiri."

Akafikiri. Kisha akacheka kidogo, machozi bado shavuni. "Labda leya yako."

"Leya yangu ndiyo nini?"

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Ramani ya kompyuta si karatasi moja. Ni kama vitambaa vyepesi vilivyolazwa kimoja juu ya kingine: kitambaa cha kuta, cha milango, cha maandishi. Kila kimoja ndiyo leya. Unaweza kuiwasha, ukaizima, au ukaigandisha, ikatoweka machoni kabisa lakini imo.

Sasa, ukishachora vyumba, lazima uoneshe sakafu ya kila chumba ni ya nini. Huku vigae, kule saruji. Unachagua mchoro wa kujazia, miraba au mistari ya mshazari, wenyewe wanaita hachi, unabonyeza mara moja katikati ya chumba, na chumba kinajaa.

"Kinajaa chenyewe?"

"Chenyewe, Bibi, kama kimefungwa pande zote. Ni kama kumwaga maji kwenye sinia. Sinia likiwa na ufa, maji yanatoka. Kompyuta inatafuta ukingo unaozunguka pale ulipobonyeza. Ukingo ukiwa na pengo, hata la unywele, inakataa kujaza. Na mlango ukiwa wazi, hachi inapita mlangoni, inaingia ukumbini, inaingia chumba cha pili, mpaka ikutane na ukuta."

"Kumbe kama kuku."

"Ndiyo maana nilikukumbuka! Si kila siku unanipigia kelele, funga mlango kuku wataingia? Basi nilitengeneza leya moja, kwenye kila mlango nikachora mstari mwembamba kutoka ukingo mpaka ukingo. Hauchapwi kwenye karatasi. Kazi yake ni kuziba mlango wakati wa kujaza sakafu tu. Nikaipa jina BIBI."

"Milango yenyewe si imechorwa? Haizibi?"

"Mlango huchorwa na upinde wake wa kufungukia. Ukiuacha, hachi inaukwepa, unabaki weupe kama kipande cha keki kila mlangoni. Kwa hiyo leya ya milango tunaizima, tunaacha mistari ya BIBI."

Nilikuwa nawaza bandi. Ukitaka kushona nguo vizuri, kwanza unapiga bandi, uzi mrefu mrefu wa kushikiza kitambaa kisikimbie. Mteja haoni. Lakini mjinga akikuvutia uzi ule kabla ya cherehani kupita, nguo inakuachia mkononi.

"Sakafu umeshazijaza?"

"Bado. Mwenye zahanati hajachagua. Atachagua Alhamisi, kwenye mkutano."

"Lala, mama," nikamwambia. "Homa haipendi mtu anayewaza."

Nilichowaza mimi sikumwambia. Yeye ni mtoto mwema, amemfuata marehemu babu yake. Wema haukunifuata mimi hata hatua mbili.

Watu husema kisasi ni haki ya Mungu. Mimi sikuwa na nia ya kumnyang'anya Mungu kazi yake, nilitaka kumpunguzia tu. Na kisasi ni kama chai: ukiimimina kabla haijaiva, umempa adui maji ya moto akaogee. Nikangoja. Jumatatu, Jumanne, namhudumia Rula chai, na sukari naikoroga mimi mwenyewe kwa adabu, "Karibu baba, karibu mwanangu," mpaka meno yakaniuma kwa kutabasamu.

Jumatano alinifuata mwenyewe jikoni. Nilijua atakuja. Mwizi wa nguo hana amani mpaka ajue mifukoni mna nini.

"Mama Chai, mjukuu wako hajambo?"

"Hajambo, baba, homa imemwachia. Analalamika tu."

"Analalamika nini?"

"Ah, mambo yenu ya kompyuta. Mimi nayajua wapi?" Nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. "Anasema ameacha uchafu wake humo, ana aibu mteja asije akauona."

Akasogea. "Uchafu gani?"

"Sijui mistari mistari ya milangoni. Anasema kila mlango kauziba. Hivi, baba, mgonjwa ataingiaje zahanati ambayo milango yote imezibwa?"

Rula akacheka kwa kiburi, lakini niliona jicho lake limecheza. Alikuwa ameiona leya ile, hakujua ni ya nini. "Kwa hiyo haina kazi?"

"Ile ni kama uzi wa bandi tu, baba. Nguo ikishashonwa, unautoa."

"Uzi wa bandi," akarudia kama mtu anayekariri. Akaondoka na chai yake. Siku ile hakuimwaga.

Alhamisi saa nne asubuhi, mwenye zahanati akaja. Alikuwa daktari, mama mzima wa makamo, viatu vya chini, sauti ya juu. Alikaa mbele ya ukuta mweupe ambapo ramani ilimulikwa kubwa kama shuka la kitanda cha harusi. Msanifu kulia kwake. Rula kwenye kompyuta, suti ya kijivu, wima. Mjukuu wangu hakualikwa, aliachwa chumba cha pili na wachoraji wengine.

Mimi niliingia na sinia. Nikamimina chai. Nikafuta meza. Nikaona doa ambalo halikuwepo, nikalifuta pia. Kuna madoa yanayohitaji nusu saa.

"Nzuri," Daktari akasema. "Nani kachora?"

"Mimi, mama," Rula akasema, mkono kifuani. "Kila mstari."

"Hongera. Hata ukuta wa chumba cha upasuaji mmeusogeza kidogo, sivyo?"

"Nimeusogeza mimi, mama, juzi. Niliona nafasi haitoshi."

Hilo nilikuwa silijui. Kumbe alitaka na yeye awe na alama ya mkono wake. Shukrani kwake.

"Basi nimeshaamua sakafu," Daktari akasema. "Chumba cha upasuaji sitaki vigae. Nataka mkeka wa plastiki wa kipande kimoja, usio na maungio, maana kwenye maungio ndipo vijidudu vinapolala. Vyooni vigae. Ukumbini tarazo. Nioneshe hapa nizione kwa pamoja, kisha natia sahihi."

"Dakika tano," akasema Msanifu. "Rula, zijaze hapo hapo."

Rula akazima leya ya milango. Akachagua mchoro wa vitone vitone. Akabonyeza katikati ya chumba cha upasuaji.

Kompyuta ikakataa. Maandishi yakatokea kwamba ukingo haujafungwa, na kwenye pembe ya chumba kile vikatokea viduara viwili vyekundu, vimekaribiana kama macho ya paka.

"Kuna nini?" Daktari akauliza.

"Kitu kidogo, mama."

Msanifu akaegemea mbele. "Vuta karibu hapo kwenye pembe."

Rula akavuta karibu. Pembe ikakua, ikakua, na pale ambapo kwa mbali kuta mbili zilikuwa zimebusiana, sasa tukaona hazigusani. Pengo. Kompyuta ikasema milimita tatu.

"Huu si ndio ukuta uliousogeza?" Msanifu akasema. "Umeusogeza kwa macho? Hukuinasa ncha ya ukuta kwenye ncha ya mwenziwe?"

"Ni... kipanya hiki, bosi, kina matatizo." Jasho likaanza. Badala ya kuziunganisha zile kuta, akafanya ujanja wa mkato: akaiambia kompyuta isijali mapengo madogo, ivumilie mpaka milimita hamsini. Akabonyeza tena. Kompyuta ikamwonya kwamba ukingo una pengo, aendelee? Akaendelea.

Mama yangu! Vitone vikamwagika. Vikajaa chumba cha upasuaji, vikatoka mlangoni, vikashika ukumbi, vikaingia mapokezi, vikaingia chumba cha dawa, vikaingia vyoo vyote vitatu, cha wanaume mpaka ndani kabisa. Zahanati nzima, mpaka kwenye mstari wa kizingiti cha mlango mkuu, ikawa na madoadoa kama kanga.

Mimi nilikuwa nauma kitambaa cha kufutia meza.

"Kijana," Daktari akasema taratibu, "unataka nipasue watu chooni?"

"Hapana, mama, ni—"

"Bonyeza hiyo hachi uone eneo lake," Msanifu akamwambia. Akabonyeza. "Soma."

"Mita za mraba... mia nne kumi na mbili."

"Chumba cha upasuaji mita mia nne kumi na mbili," Daktari akasema. "Humo tutacheza na mpira."

Msanifu hakucheka. Mtu aliyechora ramani kwa miezi miwili anajua milango yake imezibwa wapi. "Mistari ya kuziba milango iko wapi? Fungua orodha ya leya."

Orodha ikafunguka. Majina mengi. Katikati, pamoja na alama ya theluji ya kuonesha imegandishwa: BIBI.

"Hii BIBI ni nini?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Angesema sijui, angekuwa mjinga tu, na ujinga si dhambi. Lakini mtu aliyesema kila mstari ni wangu, atasema nini?

"Ni kifupi, bosi," akasema Rula.

"Cha nini?"

"Boma... Ingilio... Baraza..." Alikuwa anaitazama dari kama jibu limeandikwa huko. "...Ingilio."

"Ingilio mara mbili?"

"Moja la kuingilia. Lingine la kutokea."

Daktari akaiweka kalamu chini. Msanifu akanigeukia mimi. "Mama Chai, niitie mjukuu wako."

Sikutembea. Niliruka. Goti langu la kushoto, ambalo halijapanda ngazi vizuri tangu mvua za mwaka juzi, siku ile lilikuwa la msichana.

Mjukuu wangu akaja. Msanifu akamwonesha ukuta. "Rekebisha."

Akakaa. Akashika kipanya, naiona hadi leo ile mikono. Kwanza akafuta madoadoa. Akarudisha uvumilivu ule kuwa sifuri, akasema kwa sauti ndogo, "Pengo linaunganishwa, halifumbiwi macho." Akachukua zile kuta mbili za pembe ile akaziambia zikutane kwenye ncha moja, na tik, pembe ikafunga. Kisha akaenda kwenye BIBI akaiondoa theluji.

Mistari ikatokea kwenye kila mlango, myembamba, imenyooka. Na pale mlango mkuu, kando ya mstari, maandishi madogo. Daktari ana macho mazuri kuliko mimi. Akayasoma kwa sauti:

"Bibi kasema: funga mlango, kuku wataingia."

Mjukuu wangu akabonyeza. Vitone vikajaa chumba cha upasuaji, vikaishia mlangoni, vikatulia. Akabonyeza vyooni, miraba ikajaa. Akabonyeza ukumbini. Kila kitu mahali pake, kama watoto wakati wa kula.

"Mama Chai," Msanifu akasema, "wewe unafuga kuku?"

"Saba, bosi. Na jogoo mmoja, lakini huyo leo naona kaja kazini."

Daktari alicheka mpaka chai ikampalia. Rula akasimama, rula imevunjika katikati. Akaninyooshea kidole. "Bosi, ni huyu mama! Huyu ndiye aliyeniambia niigandishe! Aliniambia haina kazi, ni uzi wa bandi tu, nguo ikishashonwa unautoa!"

Wote wakanitazama. Nikalishika sinia langu kwa mikono miwili. Nikakunja mgongo, nikauongeza umri miaka kumi.

"Mimi, baba? Mimi wa darasa la saba? Leya naijua mimi? Mimi najua majani na sukari tu."

"Huna aibu?" Msanifu akamwambia Rula. "Umekamatwa na kazi ya mtoto wa watu, sasa unamsingizia mpika chai?" Akageuka kwa mjukuu wangu. "Kile kisanduku pembeni. Andika jina lako, kisha mteja atie sahihi."

Akaandika. Daktari akatia sahihi. Rula akakusanya kalamu zake, na alipopita karibu na kile chungu cha maua nikamwambia, polepole, yeye tu asikie, "Lilistawi." Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miezi saba. Lilikuwa tamu, sitaki kuwadanganya. Mpaka leo nikikosa hamu ya kula nalikumbuka.

Baadaye mjukuu wangu akanifuata jikoni, mfanyakazi wa kudumu mzima mzima. Akanikumbatia. Akachukua kitambaa akawa ananisaidia kufuta vikombe, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Bibi."

"Naam, mama."

"Nani alimwambia Rula aigandishe ile leya?"

"Nitajuaje mimi? Si umesikia, mwongo yule. Mimi hata sijamsemesha wiki nzima, zaidi ya karibu chai."

"Hukumsemesha kabisa?"

"Haki ya nani. Habari za kompyuta anipe nani?"

Akakiweka kikombe mezani, akanitazama kwa macho ya marehemu babu yake, yale yaliyokuwa yakijua ninapoficha sukari.

"Humu ofisini tuko watu kumi na mmoja, Bibi. Niambie, mbali na wewe, ni nani mwingine anayejua bandi ni nini?"

Nikachukua kikombe alichokwisha kukifuta, nikaanza kukiosha upya.